Rangi ya nywele ikishachanganywa: Kwa nini masalio ya bakulini hayawekwi

Ni mkesha wa harusi, na nyumba imejaa jamaa. Mama mmoja ananunua dukani kisanduku kimoja cha rangi nyeusi ya nywele, akikusudia kugawana na wifi yake. Ndani ya kisanduku mna mrija wa krimu wa mililita 60, chupa ya maji ya kukuzia rangi ya mililita 60, glavu na karatasi ya maelekezo. Saa nane mchana anamimina vyote viwili katika bakuli la plastiki, anakoroga kwa brashi, kisha anapakwa kichwani na binti yake. Nywele zake ni fupi, na nusu ya bakuli inasalia. Anaifunika kwa sahani na kuiweka pembeni. Wifi anapowasili saa kumi alasiri, anakaribishwa kwa maneno mazuri: "Karibu wifi, yako nimekuwekea, na sasa imekolea kweli kweli."

Na kwa macho imekolea kweli. Ile krimu iliyokuwa na weupe wa maziwa sasa ni nyeusi kama makaa. Wifi anapakwa, anakaa dakika 35, anaosha. Maji meusi yanatiririka, taulo linachafuka, na mvi ziko palepale, zimepata tu wekundu wa kutu ambao baada ya kuosha mara mbili tatu utakwisha wenyewe. Asubuhi ya harusi lawama zinamwangukia mwenye duka, kwamba ameuza rangi bandia. Jambo la ajabu ni kwamba mama mwenye kisanduku, aliyetumia krimu hiyohiyo, mvi zake zimefunikika vizuri.

Mfano huu hurudiwa katika nyumba nyingi na katika saluni nyingi, kwa sababu nyuma yake kuna kosa linaloeleweka. Weusi ule unaoonekana bakulini watu huuchukua kuwa ni nguvu ya rangi, ilhali ndio ishara ya kwamba rangi imekwisha kutumika. Imetumika bakulini, kabla ya kufika kwenye nywele.

Mazoea ya hina

Kosa hili lina asili yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki, na kokote ambako hina imezoeleka, wanawake wamejifunza tangu utotoni kwamba rangi hutakiwa kusubiriwa. Majani ya hina yaliyosagwa hukandwa kwa maji, na ndimu ikipatikana, kisha unga huachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha. Muda huo ndio unaoiwezesha rangi iliyo ndani ya jani kutoka na kuenea katika unga. Hina iliyokandwa ikizidi mahitaji, wapambaji huiweka katika barafu, na baadaye huiyeyusha na kuitumia tena.

Rangi ya hina hutoka katika jani lenyewe, wala haihitaji peroksaidi. Inapogusa ngozi au unywele hushikamana na protini iliyomo humo na kubaki. Kwa hiyo kusubiri kunaifaa, na baridi huihifadhi kwa muda.

Rangi ya dukani ya kudumu hufanya kazi kinyume kabisa. Ndani ya mrija ule hamna rangi nyeusi. Muna vitu vidogo visivyo na rangi, ambavyo vitakuwa rangi pindi vitakapokutana na peroksaidi. Kilicho muhimu, basi, ni mahali pale vinapogeuka: je, ni ndani ya unywele au ndani ya bakuli?

Kitanda kinachoundwa chumbani

Kiungo kinachotumika sana katika rangi nyeusi na za kahawia iliyokoza huitwa parafenilenediamini. Mwanakemia wa Kijerumani August Wilhelm von Hofmann alieleza mwaka 1863 kwamba kitu hiki hutoa rangi kinapokutana na viungo vinavyotoa oksijeni, na hadi leo rangi nyingi za kudumu zimesimama juu ya msingi huo. Pamoja nacho huwekwa viungo vingine, kama vile resosino, ambavyo huungana nacho na kuamua kama rangi itaelekea kahawia, samawati au wekundu. Katika mrija huohuo huwa mna amonia, au kiungo kingine cha alkali kinachoshika nafasi yake.

Chupa ya pili ina peroksaidi ya haidrojeni, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 6. Hii ndiyo inayoleta oksijeni. Viwili hivi vikichanganywa, kazi tatu huanza kwa wakati mmoja. Amonia huuvimbisha unywele na kuinua magamba yake ya nje, ili njia ya kuingilia ifunguke. Viungo vidogo vya rangi hupenya kupitia njia hiyo. Kisha peroksaidi huvifikia humo ndani, huvioksidisha, navyo vinashikana viwili viwili na vitatu vitatu, vikawa molekuli kubwa zenye rangi.

Anayetaka kuelewa kwa nini rangi hiyo haitoki kwa sabuni na amkumbuke seremala anayeingiza kitanda katika chumba chenye mlango mwembamba. Mbao hupita mlangoni moja moja bila taabu. Zikishapigiliwa humo ndani, kitanda hakitoki tena. Ndivyo rangi ya kudumu inavyodumu: imeingia vipande, ikaungwa ndani, na sasa ni kubwa kuliko mlango.

Lakini seremala huyo akiunda kitanda chake uani, hataweza kukiingiza. Na hicho ndicho kinachotokea bakulini. Peroksaidi haingoji krimu ipakwe. Tangu brashi inapokoroga kwa mara ya kwanza, viungo vidogo vinaoksidishwa hapohapo katika bakuli na kuunda molekuli kubwa zilezile. Zikipakwa baadaye kichwani, hazina pa kupita. Hukaa juu ya unywele kama vumbi la makaa, hutia doa kwenye ngozi ya kichwa, shingo na foronya, kisha huondoka na maji.

Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini mama alipata rangi na wifi yake akapata doa. Wote wawili walipakwa weusi uleule. Kwa mama weusi uliundwa ndani ya nywele. Kwa wifi uliundwa chini ya sahani.

Vitu vitatu vinavyokwisha pamoja

Kuna wanaofikiri kwamba, hata kama sehemu ya rangi imeharibika, iliyobaki inaweza kuokolewa kwa kuongeza peroksaidi kidogo. Wasusi wengine hufanya hivyo mteja wa pili anapoingia. Ili kuona kwa nini jambo hili halifai, yatupasa kutazama kila kiungo kimepatwa na nini.

Cha kwanza ni viungo vya rangi vyenyewe, navyo vimekwisha kuungana. Uoksidishaji huu haurudi nyuma. Biringanya lililokatwa likageuka kahawia halirudi kuwa jeupe kwa kuoshwa, na zege lililoganda halilainiki kwa kuongezewa maji. Fundi mwashi hulijua hilo, ndiyo maana huchanganya kiasi anachoweza kumwaga kabla jua halijamkuta. Anayeongeza peroksaidi katika bakuli la zamani anaongeza nyundo na misumari ilhali mbao zote zimekwisha kupigiliwa.

Cha pili ni peroksaidi. Katika chupa yake imehifadhiwa katika hali ya asidi, pamoja na viungo vya kuituliza, ndiyo maana hukaa miezi mingi bila kuharibika. Krimu ya rangi, kwa upande wake, ni alkali. Vikichanganyika, ule utulivu unaondoka na peroksaidi huanza kuvunjika kuwa maji na gesi ya oksijeni. Sehemu nyingine inatumika kuoksidisha rangi. Kwa vyovyote vile inapungua kila dakika.

Cha tatu ni amonia. Hii ni gesi iliyoyeyushwa katika maji, na bakuli lililo wazi huiachilia hewani. Harufu kali inayochoma pua wakati wa kuchanganya ndiyo amonia yenyewe ikiondoka. Harufu inapofifia, watu hufurahi kwamba rangi "imepoa", na kumbe kile kilichokuwa kiufungue unywele kimepungua. Mvi ndizo zinazoumia zaidi kwa upungufu huu, kwa kuwa mara nyingi ni ngumu kupenyezwa kuliko nywele nyingine.

Kwa hiyo yule anayeongeza peroksaidi katika bakuli la zamani hairudishi rangi iliyokwisha kuundwa. Anachopata ni mchanganyiko wenye uwezo wa kuikausha nywele na kuiwasha ngozi, bila rangi ya kutosha ya kufidia madhara hayo.

Kufunika na kuweka kwenye friji

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kufunika bakuli kwa nailoni, ili hewa isiingie. Ushauri huu umejengwa juu ya ukweli nusu. Ni kweli kwamba oksijeni ya hewani huigeuza krimu, na ndiyo sababu uso wa bakuli huwa mweusi kabla ya sehemu ya chini. Lakini oksijeni inayofanya kazi kubwa haitoki nje. Imekwisha kutiwa ndani kwa mkono, ikiwa katika peroksaidi. Kufunika bakuli ni kumfungia mlango mwizi aliye tayari ndani ya nyumba.

Kuhamishia masalio katika chupa yenye kizibo ni hatari kubwa zaidi, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Peroksaidi ya asilimia 6 huitwa pia ya "volyumu 20", na jina hilo lina maana ya moja kwa moja: lita moja yake ikivunjika yote hutoa takriban lita 20 za gesi ya oksijeni. Katika mfano wetu, nusu ya bakuli iliyosalia ilikuwa na mililita 30 za peroksaidi. Tukizidisha kwa 20, tunapata mililita 600 za gesi. Sehemu fulani ya peroksaidi hutumika kwenye rangi na haitoi gesi hiyo, lakini hata tukichukua nusu tu, ni mililita 300 zinazotafuta nafasi ndani ya chupa ambayo pengine ina nafasi ya mililita 60 tu juu ya krimu. Chupa huvimba, na ikikosa pa kupumulia huweza kupasuka na kurusha krimu machoni na ukutani. Maelekezo mengi ya watengenezaji hukataza kuweka mchanganyiko katika chombo kilichofungwa kwa sababu hiyo.

Na friji je? Baridi hupunguza mwendo wa kemia, haiusimamishi. Kanuni ya makisio inayotumiwa na wanakemia ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko mengi hupungua karibu nusu. Kutoka nyuzi 30 za chumbani hadi nyuzi 5 za friji, mwendo hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Tuseme mchanganyiko uliokuwa na manufaa ya dakika 45 chumbani. Kwa makisio hayo ungepata kama saa nne na nusu, na hiyo ni kama ungekuwa baridi tangu dakika ya kwanza. Hata hivyo huufikishi kesho. Tena sehemu iliyokwisha kugeuka kabla ya kuingia friji haigeuki nyuma.

Kinachomaliza mjadala wa friji ni usalama wa nyumba. Masalio yakiwa katika chupa ya soda, kando ya maji na maziwa, mtoto hana njia ya kujua ni nini. Parafenilenediamini ikimezwa ni sumu kali: koo na ulimi huvimba hadi njia ya hewa kuziba, misuli huharibika, na figo hushindwa kufanya kazi. Madaktari wa Sudan wameandika juu ya wagonjwa wa namna hii kwa miongo mingi, kwa kuwa huko unga mweusi wa nywele hutumiwa sana na huchanganywa na hina. Aliyemeza anatakiwa kupelekwa hospitali mara moja, pamoja na kisanduku cha rangi yenyewe, bila kungoja dalili.

Masalio si piko

Kuna njia nyingine ya "kuokoa" masalio ambayo ni mbaya kuliko kuyapaka kichwani, nayo ni kuyachorea mikononi. Katika Unguja, Mombasa na Lamu, piko nyeusi hupendwa kwa kuwa hukolea upesi na kuonekana vizuri kando ya wekundu wa hina. Piko hiyo mara nyingi ni rangi ya nywele hiyohiyo. Kwa hiyo bakuli linaloonekana jeusi wakati wa shughuli ya harusi humtia mtu tamaa.

Rangi ya nywele imepimwa kwa nywele. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu parafenilenediamini kuzidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, wala haukubali ipakwe ngozini kama pambo. Kwenye mkono, mchoro huachwa ukauke juu ya ngozi bila kuoshwa haraka, na ngozi ya baadhi ya watu huitikia kwa malengelenge yanayofuata mistari ya ua lenyewe na kuacha kovu. Tatizo haliishii hapo. Mwili ukishaikataa parafenilenediamini mara moja, huikumbuka. Msichana aliyeungua mkono leo anaweza, miaka mingi baadaye, kuvimba uso mzima siku atakapopaka rangi ya kuficha mvi zake za kwanza. Rangi iliyokaa bakulini haijapoteza uwezo huo wa kudhuru kwa kuwa tu imepoteza uwezo wa kutia rangi nywele.

Namna ya kutambua

Kuangalia rangi ya krimu hakutoshi kuamua kama bado inafaa. Hata mchanganyiko mpya, ulio sawa kabisa, huanza kuwa kijivu au kahawia dakika chache baada ya kukorogwa. Huo ni mwanzo wa kazi, wala si kuharibika. Dalili za kuchelewa ni weusi ulioenea hadi chini ya bakuli, vipovu na kuumuka, ukoko juu, na harufu ya amonia iliyofifia. Hata hivyo kipimo cha kuaminika ni saa ya ukutani. Andika dakika uliyochanganya, anza kupaka papo hapo, na umalize kupaka ndani ya muda uliotajwa katika karatasi ya kisanduku. Muda wa rangi kukaa kichwani kwa rangi nyingi za aina hii ni kati ya dakika 30 na 45, na haujumuishi kungoja bakulini.

Asiyeamini anaweza kujionea kwa jaribio lisilogharimu kitu. Kusanya mvi zilizobaki kwenye kitana, zioshe, zikaushe, kisha zifunge kwa uzi katika mafungu matatu. Siku ya kupaka rangi, vaa glavu na ulipake fungu la kwanza mara tu baada ya kuchanganya, la pili baada ya saa moja, na la tatu baada ya saa mbili, yote kutoka bakuli lilelile lililoachwa wazi. Kila moja liache dakika 35, kisha lioshe kwa shampuu mara tatu. La kwanza hubaki limekoza. Yanayofuata hudhoofika, rangi ikiwa na mabaka au ikielekea kahawia, na la tatu hutoa maji meusi mengi zaidi ya rangi inayosalia kwenye nywele. Kiasi cha tofauti hutegemea aina ya rangi na joto la siku hiyo, ila mwelekeo ni mmoja.

Cha kuhifadhi ni kile ambacho hakijachanganywa

Familia ile ya mkesha wa harusi ingeweza kugawana kisanduku chao bila hasara. Walichokosea ni mpangilio tu. Badala ya kugawana bakuli, wangegawana mrija na chupa.

Uwiano wa kisanduku chao ulikuwa moja kwa moja. Mama angepima mililita 30 za krimu na mililita 30 za peroksaidi, akachanganya hizo tu, akapakwa. Mrija ungebanwa kutoka chini ili hewa isirudi ndani, ukafungwa kizibo chake. Chupa ya peroksaidi nayo ingefungwa na kuwekwa mbali na jua. Wifi alipofika saa kumi, wangechanganya nusu ya pili, naye angepata rangi mpya kabisa, sawa na ya kwanza. Kama kisanduku kingekuwa na uwiano wa moja kwa moja na nusu, kama zilivyo rangi nyingi za saluni, gramu 30 za krimu zingetaka mililita 45 za peroksaidi. Anayekosa mizani anaweza kutumia kikombe chenye alama za mililita, ili mradi kikombe hicho kisirudi tena kwenye dawa wala chakula.

Mrija hudumu kwa sababu umetengenezwa udumu. Ni wa alumini, ambayo hewa haipenyi, na krimu imetiwa viungo kama salfaiti ya sodiamu vinavyoitangulia rangi kuikamata oksijeni inayopenya. Viungo hivyo ni vichache. Vinatosha kwa hewa kidogo ya kizibo, wala havitoshi kwa peroksaidi. Kwa hiyo hata mrija uliofunguliwa hauwekwi milele: fuata muda ulioandikwa, na kama krimu inayotoka mdomoni imekuwa nyeusi, toa sehemu hiyo uitupe na uitazame inayofuata.

Yapo mambo mawili madogo yanayoharibu hata kile kilichohifadhiwa vizuri. La kwanza ni kurudisha peroksaidi iliyomiminwa bakulini katika chupa yake. Tone moja la krimu lililoambatana nayo huingiza alkali katika chupa nzima na kuanza kuivunja. La pili ni kutumia bakuli au kijiko cha chuma au shaba. Chembe za metali hizo huharakisha kuvunjika kwa peroksaidi, na mchanganyiko huweza hata kupata moto. Plastiki, kioo na udongo uliong'arishwa havina tatizo hilo.

Unga mweusi wa pakiti, ule unaochanganywa na maji matupu, huwadanganya wengi kwa kuwa hauna chupa ya pili. Kitoa oksijeni kimo ndani ya unga huohuo katika hali kavu, na maji ndiyo yanayoamsha kila kitu. Ukishalowa, sheria ni ileile ya bakuli. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, pakiti iliyofunguliwa haina maisha marefu hata ikiwa kavu kwa macho.

Zipo rangi zisizohusika na habari hii. Rangi za muda, zinazopakwa kama zilivyo bila kuchanganywa na kitu, huwa na rangi iliyokwisha kuundwa, kama hina. Masalio yake safi, ambayo hayajaguswa na brashi yenye maji au nywele, yanaweza kubaki katika chombo chake. Kipimo cha kuzitofautisha ni chepesi: kama maelekezo yanakutaka uchanganye, basi mchanganyiko ni wa wakati uleule.

Masalio ya bakulini yasifungwe popote. Yamiminwe katika bomba la maji machafu yakifuatwa na maji mengi, bakuli na brashi vioshwe hapo hapo, na glavu zivuliwe mwisho. Anayekusudia kupaka rangi ajipime ngozi saa 48 kabla, kila mara, kama maelekezo ya kisanduku yanavyoagiza, kwa kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko.

Na wifi aliyeamka na mvi zake siku ya harusi? Asikimbilie kisanduku kingine asubuhi ileile. Ngozi yake imekwisha kukaa na alkali na peroksaidi kwa zaidi ya nusu saa, na kurudia papo hapo ni kuiongezea mzigo. Ajifunge kilemba chake aende harusini, aipumzishe ngozi kwa siku kadhaa, kisha apakwe rangi iliyochanganywa yeye akiwa tayari ameketi kitini. Mwenye duka naye anastahili kuombwa radhi, maana kisanduku alichouza kilikuwa kizima.